Dozi Moja, Mtoto Mmoja

Mume wangu alificha ugonjwa wake kwa miezi saba, na aliyemficha ni mimi, mfamasia, ninayesimama nyuma ya kaunta siku sita kwa wiki nikiwauliza watu nisiowajua kama wameona damu chooni. Watu wananipa pole kwa kufiwa. Nawashukuru. Kwa lile jingine hakuna anayenipa pole, kwa sababu hawalijui, na wakilijua sidhani kama ni pole watakayonipa.

Wa kumlaumu nilianza kumtafuta mbali na mimi mwenyewe, nikampata mdogo wangu. Huyu ni mhadhiri wa falsafa, mtu wa mashati ya kunyooshwa, anayelipwa mshahara ili abishane. Kila Jumapili alikuja kula kwetu, na kila Jumapili alileta swali, maana hakuwahi kuleta kitu kingine. Jumapili moja, miaka saba iliyopita, aliniletea hili.

"Dada, uko dukani. Anaingia mama usiyemjua, mgongoni ana mtoto anaungua kwa homa, macho yamegeuka. Dawa unayo rafuni. Bei yake ni chakula chako cha mchana mara mbili. Mama hana hata senti. Unampa, humpi?"

"Nampa. Nimeshawahi kumpa."

"Kwa hisani au kwa wajibu?"

"Hisani ya wapi? Nikimwacha mtoto afe kwa ajili ya sahani mbili za chakula, mimi nina tofauti gani na muuaji?"

"Sawa. Sasa mama yuko nyuma ya ukuta. Humwoni, ila unajua yupo, na dirisha lipo."

"Nampitishia dirishani."

"Yuko ng'ambo ya barabara. Yuko mji mwingine. Yuko nchi usiyowahi kuikanyaga, na kuna watu waaminifu wa kumfikishia. Niambie dada, ni ukuta upi uliomfanya yule mtoto asikuhusu tena?"

Fundi aliacha kutafuna. Fundi ndiye mume wangu, seremala wa milango na madirisha, na jina hilo nilimwita hata mimi, tangu tulipokuwa wachumba.

"Kanuni yenyewe ni fupi," mdogo wangu akaendelea, huku ananyoosha kidole kana kwamba yuko darasani. "Kama unaweza kuzuia jambo baya sana, na kulizuia hakukugharimu kitu chenye uzito unaokaribiana nalo, huna budi kulizuia. Umbali haumo ndani ya kanuni. Kwamba kuna wengine nao wangeweza kuzuia, hilo nalo halimo."

"Na wewe shemeji unatuma kiasi gani?" Fundi akamuuliza.

"Mimi nafundisha hoja, shemeji. Sijasema nimeimaliza." Akajipakulia tena.

Tulicheka mpaka machozi. Ila usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake dukani kila aliyeingia na mtoto nilimtazama mara mbili. Mimi si mtu wa kusikia jambo la kweli halafu nikajitia hamnazo. Ni tabia yangu mbaya, mama yangu aliniambia toka utotoni. Nilitafuta, nikasoma taarifa, nikalinganisha mashirika kama ninavyolinganisha wauzaji wa dawa, nikalipata moja linalowapa watoto wadogo vidonge vya kuzuia malaria msimu wa mvua, katika nchi ambazo malaria huua wengi miezi ile. Vidonge vya msimu mzima kwa mtoto mmoja bei yake ilikuwa kama zile sahani mbili za chakula. Sisi tuliziita dozi.

Na hapa nieleze jambo moja vizuri, kwa sababu limekuja kunigharimu sana. Dozi moja haiokoi mtoto mmoja. Watoto wengi wanaokunywa vidonge vile wasingekufa hata wasipokunywa. Wangeugua, wangepona, au wasingeugua kabisa. Shirika lenyewe liliandika wazi, halikutudanganya: kwa makadirio yao, kati ya watoto mia nane wanaopewa, kifo kimoja kinazuiwa. Mmoja kati ya mia nane, na hakuna ajuaye ni yupi. Kwa mshahara wangu, mtoto mmoja wa kweli alikuwa kazi yangu ya miezi minne bila kula wala kulipa kodi ya nyumba.

Mimi nililijua hilo. Fundi hakulijua.

Tulianza na kidogo, moja ya ishirini ya mshahara wangu. Hatukusikia uchungu wowote, na hapo ndipo hoja ile inapoonyesha meno, kwa sababu kama husikii uchungu basi bado hujafika. Unatoa tena, unajiuliza tena: hiki kinachofuata kina uzito wa maisha ya mtu? Kochi jipya lina uzito huo? Halina. Pazia? Redio iliyoharibika, tuitengeneze? Kila kimoja ukikipima peke yake ni kidogo, na kila kimoja kinashindwa. Mwaka wa tatu tulikuwa tunatuma moja ya tano, na tulikaa kwenye viti vya mbao alivyovitengeneza Fundi kwa masalio ya milango ya watu.

Mdogo wangu aliona jinsi tulivyokuwa tunaishi, akaingiwa na hofu, labda kwa ajili yetu, labda kwa ajili ya chakula cha Jumapili, ambacho kilikuwa kimepungua nyama. Akaanza kunirudisha nyuma.

"Dada, kila mwenye uwezo duniani angetoa hata moja ya mia, watoto wale wangetoshelezwa wote. Kwa hiyo fungu lako la haki ni moja ya mia. Yanayobaki ni mafungu ya wenzako waliokataa. Kwa nini uyabebe wewe?"

"Tuko wafamasia watatu dukani," nikamwambia. "Wanaingia watoto watatu wenye homa. Mimi nimempa mmoja. Wenzangu wamekunja mikono. Nami nikunje, nimwambie yule wa pili kwamba fungu lake liko kwa yule pale anayechezea simu?"

Akajikuna kichwa. "Hapo... hapo ungempa."

"Haya."

"Lakini lazima pawe na mahali mtu anasema, jumla ya yote niliyokwisha kutoa inatosha. Usipime kila dozi kama vile ndiyo ya kwanza. Maisha yako yote nayo yahesabiwe."

"Kaseme hivyo kwa anayeingia saa ya kufunga. Yeye hakuomba kuwa wa mwisho kwenye foleni."

"Basi angalau jitunze, dada. Hilo hata hoja yenyewe inakuamuru. Ukianguka, miaka ishirini ya kutuma imeanguka na wewe."

Hilo nilimkubalia. Wiki ile ile nilinunua viatu vizuri vya kusimamia kutwa na nikapima presha. Fundi alikuwa karakana tulipozungumza hayo. Sikuona haja ya kumsimulia, na leo ningetoa mkono huu wa kulia niirudishe jioni moja tu ya kumsimulia.

Fundi yeye hakuwa mtu wa hoja, alikuwa mtu wa moyo. Sisi hatukujaliwa mtoto. Tulihangaika miaka tisa, tukazunguka kila hospitali, tukachoka, tukaacha kulizungumza. Basi siku moja nilirudi kazini nikakuta amekaa juu ya benchi lake, maranda ya mbao mpaka kwenye nywele, uso unang'aa. "Mama Dozi," akaniita, jina la utani alilonipa, "tangu tumeanza tumetuma dozi mia sita. Unajua maana yake? Tuna watoto mia sita!"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilitaka kumwambia, hapana mume wangu, hata mmoja hajatimia. Halafu nikamtazama. Nikacheka naye, nikasema, "Na wote wanafanana na wewe, masikini." Tukala. Sikumsahihisha siku ile, na ukishamwacha mtu na furaha ya namna hiyo kwa siku moja, siku ya pili unakuwa mwizi ukimnyang'anya.

Basi nyumba yetu ikawa inapima kila kitu kwa dozi. Fundi ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi. Nauli ya teksi, dozi moja, tunatembea. Shati, dozi mbili, hili bado linavalika. Mimi nilikuwa natania. Yeye alikuwa anaona nyuso. Kiwanja chetu kidogo tulichonunua kwa ajili ya kujenga uzeeni, tuliamua pamoja kukiuza na kutuma hela yote, mwaka juzi. Thamani yake ilikuwa dozi elfu nane. Kwangu mimi hao walikuwa watoto kumi, na hata kumi waliniliza kwa furaha. Yeye alisema elfu nane, kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa atakuwa mfalme.

Damu aliiona mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka huo huo. Hayo aliniambia baadaye. Alikwenda peke yake kwenye zahanati iliyo nyuma ya karakana, na tabibu akamwambia maneno ya busara kabisa: mzee, nenda hospitali kubwa ukapimwe utumbo kwa kamera, usichelewe. Akamwandikia bei kwenye karatasi. Fundi alikaa na karatasi ile juu ya benchi, akachukua penseli yake ya kuchorea mbao, akagawanya. Ikaja dozi arobaini.

Akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea na mlango wa watu.

Miezi saba! Alinunua vidonge vya maumivu duka jingine, mitaa mitatu kutoka kwangu, ili nisimwone. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, halafu jingine. Nilimuuliza mbona unapungua, akasema mke wangu ananinyima nyama. Nikacheka. Nilicheka! Wateja wangu wakija na dalili nusu ya zile nawafukuza dukani waende hospitali mbio. Yeye alikuwa ananikabili mezani kila jioni, nami nilikuwa naona nyumba yenye maadili mema.

Alianguka karakana mwezi wa nane, akiwa amebeba ubao ambao zamani aliubeba kwa mkono mmoja. Hospitali walimfungua, wakamfunga.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mwenye macho ya uchovu, asiyepoteza maneno. Alinikalisha kwenye ofisi yenye meza moja na jagi la maji. "Ulianzia kwenye utumbo," akasema. "Miezi saba au minane iliyopita tungekata kipande, tungeshona, na uwezekano mkubwa angepona kabisa. Sasa umefika kwenye ini. Kuna dawa za kupitisha kwenye mshipa, kila baada ya wiki mbili. Hazitamponya. Zinaweza kumpa mwaka. Bila hizo, miezi mitatu, na mibaya." Akasogeza karatasi ya gharama.

Nilizoea kugawanya. Macho yaligawanya kabla sijayakataza. Gharama za mwaka zilikuwa bei ya kiwanja.

Nilirudi wodini nikamkuta ameamka. Kilikuwa chumba cha vitanda sita, mapazia ya kijani, na wa kitanda cha jirani alikuwa anasikiliza mpira kwenye redio ndogo. Nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa hasira, sitasema uongo, mume wangu ana mirija puani na mimi nimesimama mikono kiunoni.

"Dozi arobaini," akasema.

"Arobaini ndiyo nini?"

"Watoto arobaini, Mama Dozi. Kwa ajili ya tumbo linaloniuma mzee wa miaka hamsini na minne? Ningekuangaliaje usoni?"

Nilikaa kitandani pake. Nikamweleza. Nilimweleza yote, pale pale, kwa sauti ya chini, kama ninavyomweleza mgonjwa namna ya kunywa dawa. Kwamba dozi si mtoto. Kwamba ni mmoja kwa kila mia nane. Kwamba kipimo kile cha arobaini kilikuwa sehemu moja tu ya ishirini ya mtoto mmoja. Na kwamba, hata ingekuwa hesabu yake ndiyo sahihi, fundi mzima anayefanya kazi miaka kumi na tano mingine anatuma mara mia ya kile. "Kipimo kile," nikamwambia, "ndicho kitu cha kwanza ambacho hoja yenyewe ingekuamuru ununue. Umekufa kwa kosa la hesabu, mume wangu."

Nilisema umekufa. Lilinitoka.

Hakulijali hilo neno. Alikuwa ananitazama kwa namna nyingine. "Tumetuma dozi elfu mbili na mia nne mpaka sasa," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni wangapi?"

"Watatu."

Akageuza uso kwenye pazia. Mimi nilijua anafanya nini, alikuwa anawazika wale elfu mbili na ushee, mmoja mmoja, na wote walikuwa wa kwake. Hatimaye akasema, "Ulikuwa unajua siku zote?"

"Nilikuwa najua."

"Watatu si haba," akasema. Alikuwa ananifariji mimi.

Jioni nilimwambia habari ya dawa na mwaka mmoja. Ukimsikia mtu akisema watu hawabadiliki, mlete kwangu. Seremala yule asiyekuwa mtu wa hoja alinigeuzia hoja yangu kitandani, kipande kwa kipande, na hakukosea hata mahali pamoja.

"Kiwanja ni watoto wangapi? Wa kweli."

"Kumi."

"Kumi wakue, wazae, wazeeke. Na mimi mwaka mmoja, nusu yake nikitapika. Hivyo vina uzito unaokaribiana?"

"Wewe ni mume wangu."

"Nakuuliza uzito."

"Nami nakujibu. Mtu ana watu wake. Hakuna hoja inayoweza kunitaka nikuone kama mtu mmoja kati ya watu."

"Shemeji angekuuliza: kumi wale hawana watu wao?" Akavuta pumzi. "Ukuta upi, Mama Dozi? Wewe ndiye uliyenifundisha. Tulijinyima kochi na nyama, na kwenye harusi za ndugu zako tulikwenda mikono mitupu. Ilikuwa sawa kwa sababu tulisema hakuna kilicho chetu kinachozidi mtoto. Nikikubali leo, basi tulikuwa tunacheza. Tulikuwa tunatoa vitu tusivyovipenda."

Niliweka kichwa kifuani pake, nikasikia mifupa, na nikaelewa kwamba hoja ile nimeishi nayo miaka mitano kwa sababu ilikuwa haijanidai kitu. Kochi! Mimi nilidhani nimefika mbali, kumbe nilikuwa bado niko mlangoni.

Asubuhi yake nilifanya kitu ambacho sijakitubu. Nilimuuzia kiwanja mfanyabiashara wa matairi aliyekuwa anakitamani siku nyingi, nikalipa hospitali, nikaenda wodini na uso mkunjufu. "Fundi, Mungu hakutupi. Wana utafiti wa dawa mpya hapa. Wanatafuta wagonjwa kama wewe. Bure kabisa, mpaka mwisho."

"Bure?"

"Bure. Wanakushukuru wewe."

"Na kiwanja?"

"Nimeshakiuza. Hela imekwenda yote."

Nilimwona anavyolegea mabega. Nilimwomba daktari asimtajie gharama, na yule mama mwenye macho ya uchovu aliniambia hatamdanganya mgonjwa akiulizwa. Fundi hakuuliza. Nani anamuuliza daktari bei ya kitu cha bure?

Dawa zilimpa miezi kumi na moja. Nataka niseme ukweli kuhusu miezi hiyo: ilikuwa mizuri. Siku mbili baada ya kila dripu alikuwa hoi, analala na ndoo kando, halafu siku zinazobaki alikuwa mume wangu. Alirudi karakana kukaa tu na kuwakosoa mafundi wengine. Alinitengenezea kisanduku cha sindano zangu za kushonea chenye viungo visivyo na msumari hata mmoja, akakirudia mara tatu kwa sababu mkono ulitetemeka. Tulicheza karata, alinishinda kwa wizi. Kulikuwa na asubuhi nilizoamka kabla yake nikamtazama anavyokoroma, na furaha yangu ilikuwa kubwa mpaka inatisha, kwa sababu nilijua bei ya asubuhi ile na ningelipa tena.

Kila mwisho wa mwezi aliuliza, "Umetuma?" Nikasema nimetuma. Sikutuma. Mshahara wote ulikwenda kwenye dawa za kichefuchefu na maumivu, na supu, na teksi, maana sasa tulipanda teksi na nikamwambia teksi ni ya utafiti. Lile shirika huwaandikia wafadhili wake barua msimu ukiisha. Alitaka nimsomee. Nilichukua barua ya zamani nikamsomea, nikabadilisha tarehe kwa mdomo. Alisikiliza amefumba macho. "Kumi wale wa kiwanja," akasema, "na watatu wa zamani. Kumi na tatu. Hapo sasa mtu anaweza kusema alipita duniani."

Siku mbili kabla hajafa, akili yake bado iko wazi, alinishika kidole kimoja kama anavyoshika mtoto. "Nilikuwa naogopa sana, unajua," akasema. "Pale mwanzo. Niliogopa ungeniambia nikubali, na mimi ningekubali. Nilitamani mno kuishi. Ningewala wale kumi."

"Hukumla mtu."

"Sikumla mtu," akarudia, kwa raha, akalala.

Baada ya mazishi mdogo wangu alibaki. Yeye alijua kila kitu, nilimwambia kwa sababu ilibidi mtu mmoja ajue. Alivua miwani, akaifuta, akaanza kunipoza. Alisema wapo wanafalsafa wengi wanaosema kila mtu ana ruhusa ya kuyapa maisha yake na wapendwa wake uzito wa ziada, kwamba maadili yasiyoacha nafasi kwa mume kitandani si maadili ya binadamu, kwamba sikufanya kosa. Ruhusa, ruhusa. Alilisema neno lile mara nne.

"Ruhusa hiyo ilikuwepo Jumapili ile?"

"Ilikuwepo, dada. Kila darasa naifundisha wiki inayofuata."

Wiki inayofuata! Nilitaka kumrushia sahani. Halafu nikaona analia, na mikono yake imezeeka, nikaiacha ile sahani.

"Nakuuliza moja tu," nikamwambia. "Wale kumi wangekuwa hapa, wamelala sakafuni hapa kati ya mimi na wewe, wamegeuza macho, na bei ya dawa yao ninayo mkononi, na Fundi yuko chumbani. Ruhusa yako ingekuwepo?"

Alitazama sakafu. Alitazama kweli, kama mtu anayewaona. Aliondoka bila kula, na mwezi uliofuata niliona risiti yake ya kwanza kutoka kwenye lile shirika, aliniletea mwenyewe, kama mwanafunzi aliyechelewa na kazi ya nyumbani.

Fundi aliacha neno moja la kutekelezwa: zana zake ziuzwe, hela itumwe. Msumeno wa mashine, randa, patasi, drili mbili, vibano. Mafundi wenzake walinunua kwa bei nzuri kwa heshima yake. Nilipiga hesabu. Zilikuwa dozi mia nne, nusu ya mtoto. Nilianza tena kula viazi vitupu, na kwa mishahara ya mwaka mzima nikajazia nusu iliyobaki, nikatuma mia nane kwa mara moja, na pamoja na wale watatu wa zamani wakafika wanne. Mahali fulani kuna mtoto anacheza ambaye hajui kwamba angekufa, mama yake naye hajui, hakuna atakayejua kamwe. Huyo ni wa Fundi, wa haki kabisa. Nitaendelea kutuma mpaka miguu igome, na watakuja wengine, na kila mmoja nitamshangilia, lakini hakuna hata mmoja atakayekuwa badala ya wale waliohitaji vidonge mvua ya mwaka ule. Wale kumi walikuwa na msimu mmoja tu, nami msimu ule niliutumia kucheza karata na mume wangu.